Nisaidieni kupunguza ukali wa meseji hii kwa kikundi cha asali Sikonge, ila madai yangu yabaki

Mpakia Asali

Wakuu, habari za jioni. Nipo Tabora mjini, nanunua asali ya jumla na kuipakia kwenye chupa ndogo. Mzigo wa mwisho nimeuchukua kwa kikundi cha wafuga nyuki huko Sikonge, ndoo 12 za lita 20. Leo nimefungua, ndoo tatu zina povu juu na harufu ya kuchacha, moja kifuniko kimevimba kabisa. Nimemwandikia mwenyekiti wa kikundi, mzee wa miaka sitini na kitu. Kabla sijatuma mke wangu ameisoma akaninyang'anya simu. Meseji yenyewe hii:

"Nyie watu wa Sikonge ni matapeli. Mmenipa maji mkayaita asali. Ndoo zimechacha, mmenitia hasara, sijui mlidhani mimi mjinga. Miaka mitatu nawaamini kumbe mnanichezea. Na uzito pia mmeniibia. Nataka hela yangu yote leo leo, la sivyo nawaanika kwenye magrupu yote ya asali na polisi mtaenda. Mzee mzima huoni hata aibu."

Biashara na hawa watu bado naitaka. Lakini sitaki pia meseji ya kubembeleza ambayo mzee ataisoma, aseme "pole kijana", na hela yangu iishie hapo.

---

Upole Kwanza

Mkuu, mshukuru sana mkeo. Huyo ni mzee, na kwa wazee wetu huanzi na kesi, unaanza na salamu. Tuma hivi:

"Shikamoo mzee wangu. Poleni na majukumu. Samahani kwa usumbufu. Asali yenu ni nzuri sana na wateja wanaipenda, ila safari hii kulikuwa na changamoto kidogo kwenye baadhi ya ndoo. Naomba siku nyingine tuwe makini zaidi. Mungu awabariki."

Hapo hujamkwaza na ujumbe umefika.

---

Mzinga wa Magome

Ndugu, asali iliyochacha usiimwage. Weka ndoo ndani ya sufuria kubwa la maji ya moto, asali ifike nyuzi joto 63 na ikae hapo nusu saa, chachu inakufa na povu linakoma. Ule uchachu uliokwisha kuingia hautoki, kwa hiyo usiipakie kwenye chupa za dukani. Wapika wanzuki wataichukua, kwa bei ya chini.

---

Karani wa Isevya

Mzinga, maelezo yako ni mazuri ila mwenzetu ameuliza meseji. Na kwa sasa asiipashe moto hiyo asali hata kidogo. Zile ndoo tatu jinsi zilivyo ndiyo sauti yake mbele ya kikundi. Akizipasha, mzee akija atakuta asali iliyotulia, na madai yatabaki maneno matupu.

Upole, salamu yako iko sawa, shikamoo inabaki. Lakini chukua meseji yako umsomee mtu asiyejua kisa hiki, kisha umwulize mwandishi anataka nini. Atakwambia anataka watu wawe makini siku nyingine. Basi mzee naye atajibu hivyo hivyo, "tumekusikia kijana, tutazingatia", na atakuwa amejibu vizuri kabisa, maana hukumwomba kitu kingine.

Angalia mahali madai yalipofia. "Changamoto" imelifuta jambo lenyewe: asali imechacha, na neno hilo lipo, kila mfuga nyuki analijua, wala si tusi. "Kidogo" na "baadhi" zimefuta hesabu. "Siku nyingine" imesamehe mzigo huu kabla mzee hajaomba msamaha. Na "samahani kwa usumbufu" imegeuza kesi, maana sasa aliyepata hasara ndiye anayeomba radhi. Maneno hayo matano yote ni ya heshima, kila moja peke yake halina ubaya. Yakikaa pamoja hakuna malalamiko tena.

---

Binti Ng'ambo

Naunga mkono. Tena mimi nasema "naomba" yenyewe iondoke. Anadai haki yake, aandike "nataka".

---

Karani wa Isevya

Binti, hapo sikubaliani nawe. "Nataka" kwa mtu aliyekuzidi umri inasikika kama unamwamrisha mtoto dukani, na mzee atajibu ile sauti, asali ataiacha. "Naomba" haipunguzi dai. Kinachopunguza ni mkia unaofuatia: "naomba kama itawezekana", "naomba mnifikirie", "naomba mkipata nafasi". Andika "naomba mnirudishie kiasi fulani ifikapo tarehe fulani" na hakuna Mswahili atakayedhani hilo ni ombi la hisani.

Sasa turudi kwenye meseji kali ya mwenye uzi. Nashauri tuifanyie kazi hiyo, tusianze karatasi mpya. Hasira haitoki hewani. Chini ya kila tusi pale kuna jambo lililotokea. Ukifuta tusi bila kulitoa lile jambo, unakuwa umetupa malalamiko pamoja na ukali. Ndivyo alivyofanya Upole.

"Matapeli": walifanya nini hasa ambacho hakikukubaliwa? "Maji": umepima, au ni hasira? "Hela yangu yote": ndoo zote 12, au tatu? "Mjinga": hili nataka sana ulijibu, kwa nini ulijiona umefanywa mjinga? Na makubaliano yalikuwa yapi, mbele ya nani? Mzigo uliupokea lini, umefungua lini?

---

Mpakia Asali

Karani, nakujibu moja moja. Nimepima kwa rifraktomita, ile ya kuchungulia. Ndoo tatu mbovu zimesoma unyevu wa asilimia 23, 24 na 23. Tisa zilizobaki ziko kati ya 18 na 19, nzuri kabisa. Makubaliano ya mwaka jana ni unyevu usizidi 20, tuliongea kwa mdomo, katibu wao alikuwepo. Bei 8,000 kwa kilo, ndoo tunahesabu kilo 28. Nimepokea tarehe 2, leo tarehe 11 ndiyo nimefungua. Uzito: katika zile tisa nzuri, mbili zina kilo 26.

Na kuhusu mjinga. Kila mzigo huwa nashusha bila kupima, kwa kuwa ni wao. Wauzaji wengine nawapima mlangoni. Hapo ndipo panaponiuma.

---

Mzinga wa Magome

Sasa nimeelewa swali, niwie radhi. Niongeze la nyuki basi, maana lina uzito kwenye meseji yako.

Tone la kupima ulilichukua wapi? Asali iliyoanza kuchacha hujitenga, ya juu huwa na maji mengi kuliko ya chini. Ukipima la juu utapata namba kubwa, na mzee aliyezeeka na nyuki atakuumbua kwa hilo. Pima la juu, kisha tumbukiza kijiti kirefu kisafi na kikavu upate la katikati, uandike namba ya katikati.

La pili ni hizo siku tisa. Ataweza kusema imeharibikia stoo kwako, kwa sababu asali hunyonya unyevu wa hewani. Ni kweli hunyonya, ila ikiwa wazi. Ndoo iliyofungwa haiwezi kutoka 19 ikafika 24 kwa siku tisa. Kwa hiyo kama vifuniko vilikuwa vimefungwa tangu uliposhusha, hilo liseme.

La tatu, usiandike kwamba wametia maji. Namba kama hiyo inakuja yenyewe wakirina masega ambayo nyuki hawajayafunika kwa nta, maana asali yake haijakauka. Inakuja pia kwa ndoo iliyooshwa ikajazwa kabla haijakauka vizuri. Mwanakikundi mmoja tu akifanya hivyo ndoo zake zinaharibika, za wenzake zinabaki nzima. Tatu mbovu kwa tisa nzuri ndiyo picha ninayoiona hapo.

---

Karani wa Isevya

Mzinga umenipa nilichokuwa nakitafuta. Hapo ndipo pa kuulaza upole wote wa meseji hii: kwenye chanzo. Ndoo tatu zimechacha, hilo mwandishi analijua, alitamke wazi bila "labda" wala "naona kama". Kwa nini zimechacha, hilo halijui, na hapo "huenda" ni mahali pake halali. Watu wengi hufanya kinyume. Kwenye tukio wanaandika "naona kama asali haiko sawa", wakifika kwenye sababu wanaandika "mmeweka maji" kana kwamba walikuwepo porini. Mzee akijua maji hayakuwekwa, anakanusha hilo moja, na meseji nzima inaanguka nalo.

Kisha tazama vitenzi. "Mmechachisha asali" inamnyooshea mzee kidole. "Asali imechacha" inasema jambo lile lile, uzito ule ule, na mkosaji hajatajwa. Kiswahili kimetupa hivyo vitenzi, imechacha, imeharibika, imepungua, tuvitumie. Tahadhari moja: usitumie "imepunguzwa" ukidhani ndiyo upole. Hiyo inasema yupo aliyepunguza ila humtaji, na msomaji anajiona ndiye anayesemwa. Hapo umerudi kwenye kutuhumu, tena kwa kificho.

"Nyie" na "m-" nazo zinamchoma mzee peke yake ilhali hakurina yeye. Mahali pa "mmeleta" weka "kikundi kimeleta". Anapata nafasi ya kusimama upande wako na kuwauliza wenzake.

Nimeandika hivi, nikichukulia kwamba namba zako ni za katikati na vifuniko vilikuwa vimefungwa. Kama sivyo, pima upya na urekebishe kwanza:

"Shikamoo mzee. Natumaini nyumbani wote wazima.

Nakuandikia kuhusu ndoo 12 za asali nilizopokea tarehe 2. Ndoo 3 zimechacha, zina povu, na unyevu wake ni asilimia 23, 24 na 23, nimepima asali ya katikati. Vifuniko vilikuwa vimefungwa tangu niliposhusha. Ndoo 9 ni nzuri, zipo kati ya 18 na 19. Makubaliano yetu ya mwaka jana, katibu akiwepo, ni unyevu usizidi 20.

Sijui maji yameingilia wapi. Huenda ni masega yaliyorinwa kabla hayajafunikwa, huenda ni ndoo. Kikundi ndicho kitakachojua.

Mzee, miaka mitatu nimeshusha mzigo wa kikundi bila kupima, kwa kuwa niliamini neno lenu. Safari hii imeniuma.

Naomba kikundi kinibadilishie ndoo hizo 3, au kinirudishie 672,000, ifikapo Ijumaa tarehe 20. Ndoo nimezifunga na kuziweka kando, mtu wenu aje azipime mwenyewe. Mzigo ujao nitapima kila ndoo kabla ya kulipa."

Ndoo 3 mara kilo 28 mara 8,000, ndiyo hiyo 672,000. Na nimeandika tarehe 20 kwa makusudi, kwa sababu "Ijumaa ijayo" wewe unaweza kuisoma ya wiki hii na mzee akaisoma ya wiki inayofuata.

---

Upole Kwanza

Nakubali, yangu ilikuwa imelegea. Ila mbona na sifa umeziondoa? Mzee akisifiwa anasikiliza.

---

Karani wa Isevya

Sifa ipo: "Ndoo 9 ni nzuri, zipo kati ya 18 na 19." Ina namba, na inamsaidia kwenda kutafuta ni nani aliyeleta zile tatu. Niliyoiondoa ni sifa inayofuatiwa na "ila". Msomaji akikutana na "nzuri sana, ila" hukaa akisubiri kinachokuja, na sifa inageuka mlango tu wa lawama. Kama una sifa, ipe sentensi yake, uweke nukta.

---

Dagaa wa Kibirizi

Salamu kutoka Kigoma. Mimi nipo upande wa pili, nauza dagaa, napokea meseji za aina hii kila mwezi. Mteja akiniandikia "mmenijazia mchanga, wezi wakubwa", nitajibu wizi. Nitaeleza miaka niliyofanya kazi, nitataja wateja wakubwa ninaowauzia, na mchanga hatutaugusa kabisa. Akiandika "gunia 2 kati ya 10 zina mchanga, nadhani walianikwa chini, sio kwenye chanja", sina pa kukimbilia. Nitauliza ni magunia yapi.

Kitu kingine, huyo mzee ana simu gani? Kama ni kitochi, ile ndefu itamfikia vipande vipande. Meseji ya kawaida ni herufi 160, nafasi zikihesabiwa humo. Ukiweka hata emoji moja ya mikono, nafasi inashuka hadi 70, na ile alama ya ng' iliyopinda ambayo simu za kisasa hujiwekea inafanya vivyo hivyo. Kipande cha salamu kikifika peke yake na mtandao wa Sikonge ukasita, mzee anajua umemsalimia basi. Weka dai lote kwenye kipande cha kwanza:

"Shikamoo mzee. Ndoo 3 kati ya 12 za tarehe 2 zimechacha, unyevu 23-24, tulikubaliana 20. Naomba zibadilishwe au 672,000 ifikapo tarehe 20. Nakupigia jioni."

Hiyo inaingia yote, nimeihesabu, ni 155.

---

Mpakia Asali

Mzee ana kitochi kweli. Katibu ndiye mwenye simu janja. Kwa hiyo ile ndefu nimtumie katibu?

---

Karani wa Isevya

Usianzie kwa katibu. Mzee akisikia kesi ya kikundi chake kutoka kwa mdogo wake, heshima yote uliyoiweka kwenye maneno imepotea kwa njia uliyopitia. Kwanza hiyo fupi kwa mzee. Jioni mpigie. Ukimaliza kuongea naye mwambie, "mzee, maelezo kamili nayatuma kwa katibu ayasome kikaoni," akikubali ndipo utume. Kwenye grupu la kikundi usiweke kabisa kabla hamjaongea.

---

Upole Kwanza

Si bora apige simu tu, amalize? Maandishi ni baridi, sauti inabeba upole.

---

Karani wa Isevya

Nusu ni kweli. Sauti inabeba upole, lakini haibebi 23, 24 na 23. Baada ya siku mbili mzee atakumbuka kwamba "kijana alilalamika kuhusu ndoo", idadi itakuwa imeshayeyuka, na tarehe nayo. Simu ni ya heshima, maandishi ni ya hesabu. Anahitaji vyote.

---

Binti Ng'ambo

Nina maswali mawili. Vitisho umevifuta vyote, sasa wasipolipa? Na zile kilo mbili mbili za uzito zimekwenda wapi? Ndoo mbili pungufu kilo 4 ni 32,000, nayo ni hela.

---

Karani wa Isevya

Vitisho: polisi na magrupu ni maneno ambayo ikifika tarehe 20 mwandishi hatayatekeleza, na mzee anajua. Zaidi ya hapo, kumwita mtu tapeli hadharani bila uthibitisho kunaweza kumgeuza mdai kuwa mdaiwa. Mahali pake nimeweka "mzigo ujao nitapima kila ndoo kabla ya kulipa". Hilo atalitekeleza bila ruhusa ya mtu, na kwa kikundi kilichozoea kushushiwa bila kupimwa ni adhabu inayoeleweka.

Uzito nimeuacha kwa makusudi. Ukiweka dai la 672,000 na dai la 32,000 kwenye meseji moja, kikundi kitarudisha 32,000 haraka sana, kitakushukuru kwa uvumilivu, na kubwa litasubiri kikao. Alitaje kwenye simu, baada ya lile kubwa kukubaliwa.

---

Binti Ng'ambo

Hapo hujanishawishi. Akinyamaza leo, mwezi ujao wataambiana "mbona uzito hakusema?" na kilo 26 itakuwa ndiyo kipimo kipya. Mimi ningeongeza sentensi moja mwishoni: "Ndoo 2 kati ya zile 9 zina kilo 26 badala ya 28, hilo tutalihesabu kwenye mzigo ujao." Halidai kitu sasa, lakini limeandikwa.

---

Dagaa wa Kibirizi

Mimi kama muuzaji ningekimbilia hilo dogo, Karani yuko sahihi. Ila sentensi ya Binti inanifungia huo mlango, maana imeshasema ni la mzigo ujao. Mwenye uzi aamue.

---

Mpakia Asali

Ile ndefu nimempa mke wangu asome mara moja tu, nikamwuliza nini kimetokea, tulikubaliana nini na nataka nini. Mawili ya kwanza kayajibu sawa. La tatu kasema, "wakubadilishie ndoo." Ile 672,000 hakuiona.

---

Karani wa Isevya

Basi imezama katikati ya sentensi. Ikate mara mbili: "Naomba kikundi kinibadilishie ndoo hizo 3 ifikapo Ijumaa tarehe 20. Kama ndoo hazipo, naomba kinirudishie 672,000 siku hiyo hiyo." Mpe tena, ila sio mkeo, ameshajua jibu.

---

Mzinga wa Magome

Kabla hujatuma. Umeandika "ndoo nimezifunga". Usizifunge kwa kukaza. Asali inayochacha inatoa hewa, ndoo iliyokazwa itavimba, na kwa joto hili la Tabora kifuniko kinaweza kuruka asali ikamwagika sakafuni. Piga picha sasa, vifuniko na povu, kisha legeza kifuniko kidogo hewa ipate pa kutokea, usikoroge, usipunguze hata kijiko. Kwa sababu vifuniko vitakuwa vimelegea, weka ndoo mahali pakavu ili asiseme unyevu umeingia kwako, na namba ulizopima leo ziandike na tarehe kwenye kila ndoo.

---

Mpakia Asali

Nimelegeza. Picha zipo, namba nimeandika kwa kalamu ya rangi kwenye ndoo. Kwenye meseji ya katibu "nimezifunga na kuziweka kando" nimeigeuza kuwa "nimezitenga mahali pakavu, hazijapunguzwa".

---

Karani wa Isevya

"Hazijapungua."